"Umekula leo?": kupima sukari kwa anayekesha kazini

Ikikaribia tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, meza za kupima sukari bure hujaa sokoni na stendi, na swali la kwanza la anayepima ni lile lile: "Umekula leo?" Mwaka mmoja nilikuwa nyuma ya meza kama hiyo hapa Arusha, saa moja unusu asubuhi, nikamuuliza kijana mmoja aliyevaa koti zito la ulinzi. Akajibu bila kusita, "Leo bado, dada." Nikamchoma kidole, mashine ikasoma 9.4. Nimeshika kalamu kuandika rufaa, kwa maana 9.4 ya mtu aliyelala bila kula ni habari nzito, akapiga mwayo wa kutoa machozi. Ndipo nikamuuliza ametoka wapi. Ametoka zamu. Na huko zamuni saa tisa usiku alikula nini? Chai ya maziwa na maandazi matatu.

"Lakini hiyo si ilikuwa jana?" akaniambia.

Kwake ilikuwa jana kweli. Hajalala, kwa hiyo jana yake haijaisha. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza swali lenyewe: mara ya mwisho umeweka kitu mdomoni saa ngapi? Rufaa nilimwandikia, kwa sababu 9.4 masaa manne na nusu baada ya chai nayo ina neno. Ila niliifuta pale nilipoandika "tumbo tupu", kwa kuwa daktari angeisoma kwa namna nyingine kabisa.

Mimi ni muuguzi, nimekaa kliniki ya kisukari miaka kadhaa, na zamu za usiku ninazijua kwa mifupa yangu mwenyewe. Mkanganyiko huu naukuta kwa walinzi, kwa wauguzi wenzangu, kwa wanaofunga maua kwenye mashamba ya Usa River, kwa madereva wa malori ya Namanga na wapokezi wa hoteli. Kadi ya kliniki imeandikwa "asubuhi", "mchana", "jioni", nayo ilichapwa kwa ajili ya mtu anayelala usiku. Mwenye kulala mchana anaijaza hivyo hivyo, kila namba inakaa kwenye chumba ambacho si chake.

Tuanze na maneno. Mashine ya sukari inaonyesha kiasi cha sukari kilichomo kwenye damu kwa dakika ile, basi. Namba peke yake haina maana mpaka ujue imepimwa baada ya nini. Nyingi ya mashine zetu husoma kwa kipimo cha mmol/L, na kwa mtu mzima mwenye kisukari lengo la kawaida kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2, na baada ya kula isizidi 10. (Kama yako imeonyesha 101, usikimbilie hospitali. Hiyo inasoma mg/dL. Gawanya kwa 18 utapata 5.6.) Daktari anaweza kukupa malengo tofauti kulingana na umri na dawa zako. Shika ya kwake.

"Kipimo cha tumbo tupu" ni kile kinachochukuliwa baada ya kukaa muda mrefu bila kula, na kwa maabara inayotafuta kama una kisukari muda huo ni masaa yasiyopungua 8. "Kipimo cha baada ya kula" huchukuliwa masaa mawili tangu tonge la kwanza, si tangu kunawa mikono. Walimu wa Kiswahili watanisamehe kwa hayo "masaa". Sina njia nyingine. Nilishamwambia mama mmoja, kwa Kiswahili sanifu, "pima saa mbili baada ya kula", na mwezi mzima akawa anapima saa mbili usiku, awe amekula saa moja jioni au saa nane mchana. Alinielewa vizuri sana, mimi ndiye niliyesema vibaya.

Sasa neno gumu zaidi: asubuhi. Daktari akisema "pima asubuhi kabla ya kula", hataki kujua chochote kuhusu jua kuchomoza. Anachotaka ni namba ya mwili uliopumzika, uliolala usingizi wake mrefu, ambao hauna chakula kipya tumboni. Kwa mkulima wa Ngaramtoni namba hiyo inapatikana saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mlinzi anayelala saa tatu asubuhi inapatikana saa nane mchana. Waislamu hili halitawashangaza. Mwezi wa Ramadhani vidonge vya asubuhi huhamia futari, na mtu anapanga dawa na vipimo vyake kwa kufuata daku na futari. Mfanyakazi wa usiku yuko hivyo mwaka mzima, tofauti ni kwamba hakuna aliyemtangazia mwezi umeandama.

Mwili haukubali kugeuzwa

Watu wengi huniuliza: basi si nigeuze tu, usiku uwe mchana wangu, kila kitu kisogezwe masaa kumi na mawili? Ingekuwa rahisi hivyo ningefurahi. Mwili una saa yake ya ndani, na wanasayansi watatu walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Inafuata mwanga, haifuati ratiba ya mwajiri. Ukikesha usiku tano na mbili za mapumziko ukalala kama watu wengine, haigeuki. Inabaki katikati, kama basi lililokwama njia panda.

Fikiria lori la ndizi likishusha mzigo soko la Kilombero. Mchana wapagazi wamejaa, lori linamalizwa upesi na njia inabaki wazi. Lori lile lile, lenye mikungu ile ile, likija usiku wa manane linakuta wapagazi wawili wanaosinzia, na mzigo unakaa barabarani muda mrefu. Insulini ndiyo wapagazi: kazi yake ni kutoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Usiku kongosho hutoa insulini kwa uvivu zaidi, kwa sehemu ni kwa sababu ya melatonini, homoni ya usingizi, na misuli nayo haiitikii vizuri. Ndiyo maana sahani ya wali uliyoila saa saba mchana ikakupa 8, ukiila saa nne usiku inaweza kukupa 12. Hujaongeza punje.

Na kuna jambo la pili. Ini ni ghala la sukari. Alfajiri, kama kuanzia saa tisa hadi saa mbili asubuhi, mwili hutoa kotisoli na homoni nyingine za kujiandaa kuamka, na ghala linafunguliwa. Kwa mwenye kisukari sukari inapanda hata kama hajala kitu. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi anapovua koti, damu yake imebeba mabaki ya chai ya usiku, mzigo wa alfajiri kutoka kwenye ini, na uchovu wa kutolala, ambao wenyewe huifanya insulini isifanye kazi ipasavyo. Hiyo ndiyo saa anayochagua kupima "tumbo tupu". Ukiniuliza mimi, hakuna saa inayopotosha kuliko hiyo katika zamu nzima.

Shemeji yangu na namba tatu

Shemeji yangu ni mlinzi Njiro. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Ana kisukari aina ya pili, na wakati huo alikuwa anatumia metfomini pamoja na kidonge kimoja cha glibenklamidi, miligramu 5, kila asubuhi. Akifika nyumbani kama saa moja, anakunywa chai na chapati mbili, anameza dawa, analala saa tatu hadi saa nane na nusu. Saa tisa alasiri anakula ugali na mboga. Saa nne usiku anafungua hotipoti: wali na maharage. Saa tisa usiku, baridi ikikaza, chai na maandazi mawili.

Aliambiwa apime asubuhi kabla ya kula, na yeye ni mtu wa kufuata maagizo. Siku tatu mfululizo, saa kumi na mbili kasorobo, kwenye kibanda cha getini, alipima na kuandika 10.8, 11.2, 10.4. Kliniki aliyokuwa anahudhuria (si yangu) wakaona namba hizo kwenye chumba cha "asubuhi kabla ya kula". Daktari akafanya ambacho ningemtarajia afanye: akaongeza glibenklamidi, kidonge kimoja kikawa viwili. Daktari hakuuliza kazi yake ni ipi, naye hakusema. Alidhani koti linasema lenyewe.

Siku ya nne ya dozi mpya dada yangu alirudi kutoka dukani saa saba mchana akamkuta kitandani, shuka limelowa kama limefuliwa, anaongea maneno yasiyoungana. Akampima: 2.9. Bahati alikuwa bado anameza. Dada alimpa vijiko vinne vya sukari kwenye maji, akakaa naye, akanipigia.

Tazama kilichotokea. Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini, iwe kuna chakula au hakuna, na nguvu yake inaweza kudumu siku nzima. Kwa mtu wa mchana, kidonge cha asubuhi kinakutana na chai, kisha chakula cha mchana, kisha cha jioni. Kwa shemeji kilikutana na chapati mbili, halafu masaa saba na nusu ya bila kitu, tena akiwa usingizini ambapo hawezi kusikia dalili. Vidonge viwili vilipigana na 11 ambayo haikuwepo mchana. Ile 11 ilikuwa mali ya chai ya saa tisa usiku na ya alfajiri. (Metfomini ikitumika peke yake ni nadra sana kushusha sukari kiasi hicho. Glibenklamidi na insulini ndizo za kuangaliwa, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi glibenklamidi kwa waliozidi miaka 60.)

Kliniki ilirudisha dozi kwenye kidonge kimoja, ikamfanyia na kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu na kisichojali ulikula saa ngapi. Kikatoka asilimia 7.1. Mtu anayeamka na 11 kila siku ungetarajia ipite 8. Kwa hiyo namba za getini na namba ya maabara zilikuwa zinabishana, na hapo ndipo nilipokaa naye mezani na daftari.

Stripu hamsini, mwezi mmoja

Kikwazo cha kwanza kilikuwa fedha. Stripu, vile vipande vyembamba vinavyopokea tone la damu kwenye mashine, huuzwa kwa makasha, hamsini kwa kasha, na yeye anamudu kasha moja kwa mwezi. Hamsini kwa mwezi ni kama 12 kwa wiki. Ukizitawanya ovyo, moja hapa moja pale, unapata namba 50 zisizojibu swali lolote. Tukazipangia kazi.

Tano ni za kuamka, moja kila siku ya kazi, saa nane na nusu mchana kabla ya kuweka chochote mdomoni. Anakuwa amekaa masaa saba bila kula. Kwa maabara hayatoshi, lakini kwa ufuatiliaji wa nyumbani yanatosha kabisa, mradi kila siku iwe vivyo hivyo.

Nne ni za jozi mbili. Jozi ni kabla ya mlo na masaa mawili baada ya mlo ule ule, ili uone mlo wenyewe umefanya nini. Namba moja ya baada ya kula haikuambii kama chakula kimeipandisha au ilikuwa juu tangu mwanzo. Wiki hii unachunguza mlo wa saa tisa alasiri na wa saa nne usiku, wiki ijayo chai ya alfajiri na chapati za asubuhi.

Tatu zinazobaki ni za hatari, haziguswi kwa udadisi. Zinakaa kwa ajili ya kutetemeka, jasho, au siku ambayo mwili hauko sawa. Na mara mbili kwa wiki, zikiwa hazijatumika, moja inakwenda katikati ya usingizi wa mchana: dada anamwamsha saa sita na nusu, anapima, anarudi kulala. Alilalamika sana kuhusu hili. Lakini ndiyo saa pekee iliyoweza kutuonyesha kama lile shimo la 2.9 bado lipo.

Wiki ya kwanza aliamka na 6.1, 5.7, 6.4, 6.0, 5.8. Yaani huyo aliyesemekana anaamka na 11. Katikati ya usingizi: 5.2. Mlo wa saa tisa alasiri, ugali, mchicha na dagaa: 6.1 kabla, 8.3 masaa mawili baadaye. Safi. Mlo wa saa nne usiku: 6.9 kabla, na saa sita usiku 12.4. Kupanda kwa 5.5 kwa mlo mmoja, na alikula wali pungufu kuliko ugali wake wa mchana. Wiki ya pili tukaiona chai: 9.2 kabla, 11.6 masaa mawili baadaye, na dakika 45 tu baada ya hapo alikuwa anapima ile "asubuhi" yake getini.

Kumbe jibu halikuwa kidonge. Lilikuwa hotipoti. Mlo mkubwa ukabaki saa tisa alasiri, na kabla ya kutoka nyumbani saa kumi na nusu anaongeza ndizi mbili za kuchemsha. Saa nne usiku maharage na mboga ndiyo yanajaa sahani, wali vijiko vichache. Chai ya alfajiri ikabaki, kwa sababu mlinzi bila chai mwezi wa saba utamkuta ameganda, lakini haina sukari na maandazi yamekuwa moja, au karanga. Baada ya majuma mawili saa sita usiku ilisoma 9.4. Getini alfajiri 8.1. Si kila siku. Siku ambayo mwenye nyumba alifanya sherehe na kumletea pilau, ilisoma 12.9, akaandika pembeni "pilau" na mimi sikuwa na la kusema.

Kuhusu kidonge chenyewe, daktari, safari hii akijua anaongea na mtu wa usiku, alikihamisha kutoka chai ya asubuhi hadi mlo wa saa tisa alasiri, ambapo kinakutana na chakula na mtu aliye macho. Naomba lisisomwe kama ruhusa ya kujihamishia. Ukihamisha dawa ya masaa mengi bila mpango, kuna siku itakuwa juu ya nyingine, hasa ukiwa unarudi kwenye ratiba ya mchana siku za mapumziko. Unachoweza kufanya wewe ni kufika na daftari lenye saa za kulala, za kula na za kumeza.

Kwa wenye insulini ya mchanganyiko wa mara mbili kwa siku mambo ni makali zaidi, kwa sababu sehemu yake ya polepole hufikia kilele kati ya masaa manne na kumi na mbili. Choma saa moja asubuhi, lala saa tatu, kilele kinakukuta kitandani. Mtu huyo stripu yake ya kwanza kabisa, kabla ya zote, ni ya kabla ya kulala. Ikiwa inakaribia 5 au iko chini yake, anakula kitu kwanza. Na anayeendesha bodaboda au lori apime kabla ya kuwasha. Uingereza dereva wa insulini hufundishwa kwamba tano ndiyo ya kuendeshea, na kwamba arudie kila masaa mawili njiani. Sheria ya huko si yetu, lakini sukari ni ile ile.

Usingizi, baridi, au sukari imeshuka?

Saa tisa usiku kila mlinzi ni mchovu, ana njaa, na Arusha mwezi wa saba anatetemeka. Sukari iliyoshuka nayo huleta uchovu, njaa na mtetemeko. Ninachowaambia watazame ni jasho. Mwili unaotetemeka kwa baridi hautoki jasho. Shingo ikilowa wakati pumzi inaonekana kama moshi, toa stripu ya hatari.

Chini ya 4, kunywa kitu kitamu kinachokwenda haraka: sukari vijiko vinne vya chai kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Bado chini ya 4, rudia. Ikishapanda ndipo ule andazi, kwa sababu mafuta ya andazi yanachelewesha sukari kuingia na wewe huna muda huo. Kwa mtumiaji wa glibenklamidi usiridhike na kupanda kwa mara moja. Dawa bado ipo mwilini na inaweza kuivuta chini tena baada ya masaa kadhaa, kwa hiyo asirudi kulala peke yake, na ikishuka mara ya pili ni hospitali. Aliyepoteza fahamu asiwekewe chochote mdomoni. Mashine ikikosekana na dalili zipo, kunywa sukari, usibahatishe kusubiri.

Namba zenyewe zinaweza kudanganya pia, na kibanda cha getini ni mahali pazuri pa kudanganyika. Ukimenya chungwa au ndizi mbivu kisha ukajichoma kidole hicho hicho, mashine inapima tunda. Spiriti haiondoi sukari ya tunda vizuri, ni maji na sabuni. Kama maji hakuna, futa tone la kwanza, tumia la pili. Kidole cha baridi hakitoi damu, na ukikikamua sana unatoa majimaji ya nyama yanayochanganyika na damu. Ning'iniza mkono, sugua viganja, choma pembeni mwa ncha. Mashine nyingi hazipendi chini ya nyuzi 10, kwa hiyo inakaa mfuko wa ndani wa koti, si kwenye dirisha la kibanda. Na hata ikiwa sawa, mashine nzuri inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo 8.2 na 9.0 zinaweza kuwa kitu kimoja. Tofauti ya 6.9 na 12.4 hiyo si mashine.

Angalia pia saa iliyomo ndani yake. Betri ikitolewa, saa hurudi mwanzo, na nyingine huchanganya mchana na usiku. Nimeshaletewa mashine inayosema mtu alipima saa 02:30 usiku kila siku, tukamhurumia kwa kukosa usingizi. Alikuwa ameamka saa nane na nusu mchana.

Limebaki swali la maabara, lile la kuambiwa "njoo asubuhi hujala". Ukitoka zamu moja kwa moja kwenda kuchukuliwa damu, unapeleka mwili wa saa tisa usiku kwenye kipimo cha saa kumi na mbili. Na kujinyima kula usiku kucha ukiwa kazini na glibenklamidi au insulini mwilini ni hatari kuliko faida yake. Nenda siku ya mapumziko, ukiwa umelala usiku wa pili, au omba HbA1c, ambayo haihitaji kufunga. Hiyo nayo ina mipaka: mwenye selimundu, upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni, inaweza kumpa jibu lisilo lake.

Siku za mapumziko za shemeji bado hazijatulia. Anatoka Jumamosi asubuhi, analala masaa matatu, jioni analala tena na familia, na Jumapili anaamka saa moja kwenda kanisani. Namba ya "nikiamka" ni ipi hapo? Tumekubaliana ni ile inayofuata usingizi mrefu, yaani ya Jumapili asubuhi, na anaiandika kwa kalamu nyekundu isichanganyike na za kazini. Huwa iko juu kidogo, 7.6, 7.9, ile alfajiri ya ini bila koti wala kibanda. Kadi yake mpya ya kliniki aliipigia mistari mwenyewe. Neno "asubuhi" limekatwa, juu yake kuna "nikiamka", na mwishoni ameongeza chumba ambacho sikumfundisha. Kinaitwa "aliyeniamsha", na jina la dada yangu limejaa hapo.